Shawa ya umeme ya papo hapo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kebo, ethi, swichi na fundi

Majibu haya yanahusu ile shawa ya plastiki inayofungwa mwishoni mwa bomba na kupasha maji moto yakiwa yanapita. Ndiyo iliyojaa katika nyumba za kupanga za Nairobi na viunga vyake, na nyingi ni za muundo wa Brazili, kama Lorenzetti. Hita ya tangi na ile ya jua hazimo humu. Hesabu zote ni za shawa ya wati 5500 kwenye stima ya volti 240, kwa kuwa ndiyo utakayoikuta madukani mara nyingi. Kama yako imeandikwa wati tofauti, fuata njia ileile ya hesabu ukitumia wati zako.

Shawa hii inavuta stima kiasi gani?

Gawa wati kwa volti. Wati 5500 kwa volti 240 ni karibu ampea 23. Birika la umeme la wati 2000 linavuta ampea 8 na kidogo, na balbu ya LED haifiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Kwa hiyo shawa moja inavuta karibu sawa na birika tatu zilizowashwa pamoja, tena si kwa dakika tatu za kuchemsha chai bali kwa muda wote ambao watu wa nyumba wanaoga mmoja baada ya mwingine. Muda huo ndio watu wanaousahau. Waya ukizidiwa kwa sekunde kadhaa hupata joto kidogo na kupoa, lakini ukizidiwa nusu saa kila asubuhi, plastiki yake huiva polepole.

Kuna soketi karibu na bafu. Siwezi kuvuta waya kutoka hapo?

Usivute. Soketi nyingi za nyumbani zimefungwa kwa nyaya za milimita 2.5 za mraba, ambazo mafundi huziita "mbili nukta tano". Mara nyingi laini hiyo ni ya mzunguko unaolindwa na breka ya ampea 32, kwa sababu stima hufika kwenye kila soketi kutoka pande mbili. Ukitoa tawi moja la 2.5 kutoka kwenye soketi kwenda kwenye shawa, tawi hilo linabeba ampea 23 peke yake. Breka ya 32 haina sababu ya kuanguka, kwa maana kwake ampea 23 ni mzigo wa kawaida. Waya unapata moto ndani ya ukuta na hakuna kinachoukata.

Kuvuta kutoka kwenye laini ya taa ni kubaya zaidi, kwani nyaya zake huwa ni za 1.5. Bado kuna mafundi wanaofanya hivyo, hasa pale ambapo taa ya bafu iko dari moja na shawa na mwenye nyumba hataki ukuta wake uchimbwe.

Lakini jirani yangu alifunga hivyo na breka haijawahi kuanguka.

Breka kutoanguka hakuthibitishi kwamba waya uko salama. Breka ndogo za nyumbani hazianguki mara tu mzigo unapopita namba iliyoandikwa juu yake. Zimetengenezwa kuvumilia mzigo unaozidi namba hiyo kwa asilimia 13 kwa muda wa saa nzima au zaidi bila kukata. Uhakika wa kukata ndani ya saa moja unaanza mzigo unapozidi kwa asilimia 45. Kwa hiyo breka ya ampea 20 ikibebeshwa ampea 23, yaani asilimia 15 juu, inaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kuanguka, na mtu atakuwa amemaliza kuoga. Breka inapumzika, na kesho asubuhi mchezo unaanza upya.

Ukitaka kujua hali ya nyumba ya jirani, zima meini swichi, fungua kifuniko cha swichi au konekta ya shawa, na utazame rangi ya plastiki ya nyaya. Ikiwa imebadilika kuwa ya kahawia, imekauka na inapasuka ukiikunja, waya huo ulikwisha kuzidiwa zamani.

Nitumie kebo ya ukubwa gani?

Kwa shawa ya wati 5500, kebo ya milimita 6 za mraba ya shaba, inayotoka moja kwa moja kwenye boksi ya breka bila kupitia soketi wala taa yoyote. Wapo mafundi watakaokwambia 4 inatosha, nao hawasemi uongo mtupu. Inategemea waya unapita wapi.

Tuchukue nyumba ya kupanga ya orofa ya juu kabisa, chini ya bati. Nyaya zimepitishwa kwenye kondiuti ya plastiki, zinapanda hadi darini, zinavuka sebule, kisha zinashuka bafuni. Majedwali ya kiwango cha Uingereza, ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukifuata, yanasema kwamba nyaya za shaba zenye ganda la PVC zikiwa ndani ya kondiuti, na hewa ikiwa nyuzi 30, hubeba hivi: ya 2.5 ampea 24, ya 4 ampea 32, ya 6 ampea 41. Ukiishia hapo, hata 2.5 inaonekana inatosha. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Chini ya bati la mchana hewa haikai nyuzi 30. Ikifika 40, uwezo wa waya unazidishwa kwa 0.87, kwa kuwa waya ulioanza ukiwa na joto una nafasi ndogo ya kuongeza jingine. Ya 2.5 inashuka hadi karibu ampea 21, na shawa inataka 23. Imeshindwa tayari. Ya 4 inashuka hadi karibu 28, bado inatosha.

Sasa ongeza jambo la pili. Mara nyingi fundi hatoboi njia mpya, anasukuma nyaya za shawa ndani ya kondiuti ileile inayopeleka laini ya soketi. Laini mbili zinazobeba mzigo zikilala pamoja zinapashana joto, na uwezo unazidishwa tena kwa 0.8. Ya 4 sasa inabeba ampea 22 na kitu, chini ya zile 23 za shawa. Ya 6 inabeba karibu ampea 28.5. Ndiyo sababu ya 6 inapendekezwa kila mara: fundi hawezi kukuahidi kwamba dari lako halitapata joto, wala kwamba mwakani hakuna atakayepitisha waya mwingine kwenye kondiuti hiyo.

Ukinunua, tazama namba iliyochapishwa kwenye ganda la kebo na upime kwa macho unene wa shaba yenyewe. Kuna kebo zinazouzwa kwa bei ya kutupa ambazo shaba yake ni nyembamba kuliko namba iliyoandikwa, na nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe dukani.

Na breka iwe ya ngapi?

Breka inalinda kebo. Namba yake iwe juu ya mzigo wa shawa na isizidi uwezo wa kebo pale ilipolala. Katika mfano wetu wa dari lenye joto na kondiuti ya pamoja, shawa inavuta 23 na kebo inabeba 28.5, kwa hiyo breka inayofaa ni ya 25. Kebo hiyohiyo ya 6 ikiwa na kondiuti yake peke yake, inabeba karibu 36 hata kwenye joto la nyuzi 40, na hapo breka ya 32 inaruhusiwa.

Breka ikianguka kila mara, usikubali fundi aweke kubwa zaidi kabla hajakueleza kwa nini ile ya kwanza ilianguka. Kuweka ya 40 kwenye waya wa 4 ni kuondoa mlinzi na kuacha mlango wazi.

Konekta yangu imeyeyuka mara mbili. Shawa ni mbovu?

Huenda shawa ni nzima kabisa. Penye nyaya kuunganishwa ndipo kwenye udhaifu mkubwa wa kazi hii, kuliko hata kebo. Muungano uliolegea una ukinzani, na ampea 23 zikipita kwenye ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, joto linalozaliwa ni karibu wati 53. Joto lote hilo linakaa ndani ya kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kidole gumba. Plastiki inalainika, skurubu inalegea zaidi, ukinzani unapanda, na joto nalo linaongezeka.

Ile konekta nyeupe ya plastiki laini inayouzwa kwa ajili ya taa haifai hapa. Inatakiwa konekta ya kauri, yenye skurubu mbili kila upande na iliyoandikwa ampea zisizopungua 40. Kuzungusha nyaya kwa mkono na kufunga tepu hakukubaliki kabisa, hata tepu iwe mizunguko kumi. Tena nyaya za shawa zenyewe huwa za nyuzinyuzi nyingi, wakati kebo ya ukutani mara nyingi ni ya shaba ngumu. Skurubu inaukaza ule mgumu na kuuacha laini ukining'inia. Fundi mzuri huzivisha nyaya laini kofia ya shaba kwanza, akaibana kwa koleo yake, ndipo akaziingiza kwenye konekta. Skurubu zikazwe tena baada ya wiki chache za matumizi, stima ikiwa imezimwa kwenye boksi.

Nikigusa koki nikiwa naoga, inaniuma. Ni kawaida ya shawa hizi?

Watu wengi wameizoea, lakini hiyo ni stima inayopita mwilini mwako kwenda ardhini. Acha kuitumia leo.

Chanzo chake ni muundo wa shawa yenyewe. Katika shawa nyingi za bei nafuu, elementi ni waya mtupu uliosokotwa, usio na ganda, unaolala ndani ya maji. Maji ndiyo yanayougusa waya wenye volti 240. Maji masafi hayapitishi stima vizuri, hivyo kinachovuja ni kidogo, lakini hakikosekani. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka ndani ya chumba cha maji kipande cha chuma kilichounganishwa na ule waya wa kijani wa ethi. Kazi yake ni kuyanasa mavujo hayo na kuyapeleka ardhini kabla hayajatoka na maji au kurudi kwenye bomba. Ule waya wa kijani, basi, ni kiungo cha lazima cha mashine, kama zilivyo laivu na nyutro.

Ukiukata na kuukunja pembeni, jambo ninalolikuta mara nyingi kuliko ningependa, shawa itaendelea kuchemsha maji kama kawaida. Mavujo sasa yanatafuta njia nyingine. Kwenye matone yanayodondoka hewani yanapata shida kupita, kwa kuwa matone hayajaungana. Kwenye bomba maji yameungana, na mwisho wake kuna koki ya chuma. Ukiishika koki hiyo umesimama kwenye sakafu yenye maji, wewe ndiye waya wa kijani.

Maji ya chumvi yanazidisha mambo. Kisima cha Kitengela au cha Mombasa kinaweza kutoa maji yanayopitisha stima mara nyingi zaidi ya maji ya mvua. Ndiyo maana madukani kuna shawa zilizoandikwa kuwa ni za maji ya chumvi. Kama maji yenu ni ya kisima, nunua hizo, na uhakikishe elementi yake imefunikwa kwa ganda la chuma.

Nyumba yangu haina waya wa ethi bafuni. Fundi anasema aunganishe na nyutro. Sawa?

Hapana, na fundi huyo usimrudishe. Hila hiyo inafanya kazi vizuri hadi siku nyutro itakapokatika mahali fulani kati ya shawa na boksi, labda kwenye konekta ileile iliyoyeyuka. Stima inayoingia kwa laivu inapita kwenye elementi, inafika nyutro na kukosa njia ya kurudi, kisha inarudi kupitia kile kipande cha chuma cha ethi kilichoungwa hapo. Kipande hicho sasa kina volti 240 na kiko ndani ya maji unayooga. Kile kilichowekwa kukulinda kimekuwa chanzo cha hatari.

Njia sahihi ni kuvuta waya wa kijani na njano kutoka kwenye shawa hadi kwenye kipande cha ethi ndani ya boksi ya breka, na kutoka hapo hadi kwenye fimbo ya ethi ya jengo. Upitishwe pamoja na laivu na nyutro. Kuufunga kwenye bomba la maji nako hakufai, kwa kuwa mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki na bomba lako la chuma linaweza kuishia mita mbili ndani ya ukuta.

Nikichimbia fimbo ya ethi, nimemaliza?

Bado, na hapa ndipo hata mafundi wenye uzoefu wanapobishana. Fimbo ya kawaida ni ya chuma kilichopakwa shaba, ya karibu mita 1.2. Ukinzani wake na ardhi unategemea udongo. Mfinyanzi wenye unyevu unaweza kukupa omu chache, wakati mchanga mkavu au mwamba unaweza kukupa mamia, na kiangazi namba hupanda.

Tuseme fimbo yako ina omu 60. Laivu ikigusa chuma cha ethi moja kwa moja, stima inayokwenda ardhini ni volti 240 kugawanya kwa 60, yaani ampea 4. Birika la chai linavuta zaidi ya hapo, na breka ya 25 haitatikisika. Hitilafu itakaa hapo, na vyuma vyote vilivyounganishwa na ethi vitakuwa na stima.

Kinachomaliza kazi ni kifaa kinachoandikwa RCCB, kinachokaa kwenye boksi pamoja na breka. Kinalinganisha stima inayokwenda kwa laivu na ile inayorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, yaani sehemu tatu za mia za ampea, kinakata vyote viwili kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili. Kwa nini 30? Kwa sababu kuanzia karibu miliampea 10 misuli ya mkono inaweza kujikunja na mtu ashindwe kuachia alichoshika, na ikizidi 30 kwa muda moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Kifaa kina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Kisipokata, kinatakiwa kubadilishwa.

RCCB inaanguka kila nikifungua maji ya moto. Niitoe?

Usiitoe. Inakuambia kwamba kuna stima inayovuja, na kwa shawa yenye elementi tupu, hasa kwa maji ya chumvi, inaweza kuwa inasema kweli hata shawa ikiwa mpya. Elementi tupu na RCCB haziishi pamoja vizuri. Dawa ni kubadilisha shawa, uchukue yenye elementi iliyofunikwa. Ni ghali zaidi, ila elementi yake haigusi maji moja kwa moja. Shawa yenye elementi iliyofunikwa ikiangusha RCCB, basi ganda limetoboka au kuna unyevu kwenye konekta, na hapo ni kazi ya fundi mwenye kipimo.

Swichi ya shawa ni ya nini, ikiwa shawa inajiwasha maji yakipita?

Ndani ya shawa kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji na kugusanisha stima. Kiwambo hicho kinaweza kukwama kikiwa kimegusa, na hata kikiachia, laivu bado imefika hadi ndani ya shawa. Unahitaji mahali pa kukata kila kitu.

Swichi inayofaa ni ile ya ampea 45 yenye taa ndogo nyekundu, inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Swichi ya taa haiwezi mzigo huu, na swichi inayokata laivu peke yake inaacha nyutro ikiwa imeungwa, jambo baya pale nyaya zilipobadilishana kwenye jengo la zamani. Iwekwe nje ya mlango wa bafu, mahali ambapo mtu anayeoga hawezi kuifikia kwa mkono wenye maji. Swichi moja ni ya shawa moja. Nyumba yenye bafu mbili inahitaji kebo mbili, breka mbili na swichi mbili, na fundi aangalie kama laini inayoingia nyumbani inaweza ampea 46 za shawa pamoja na jiko na pasi.

Niwashe swichi kwanza au nifungue maji kwanza?

Kwa matumizi ya kila siku, washa swichi ukiwa mkavu, kisha ingia na ufungue maji. Ukimaliza funga maji kwanza, halafu zima swichi. Hivyo swichi haikati ampea 23 zikiwa zinapita, na midomo yake haiungui kwa cheche. Kitufe cha kuchagua joto kizungushwe maji yakiwa yamefungwa.

Siku ya kwanza ni tofauti. Stima ikiwa imezimwa, acha maji yapite hadi yatoke bila hewa. Elementi ikipata stima chumba kikiwa kitupu inakatika kwa sekunde chache, na duka halitakubali kuirudisha.

Kwa nini fundi mwenye leseni? Kuunganisha nyaya tatu kunanishinda nini?

Kuunganisha hakukushindi. Kupima ndiko kunakoshindikana bila vifaa na mafunzo. Hakuna jicho linaloweza kuona kwamba waya wa ethi umekatika ndani ya ukuta, na testa ya kuwaka taa haiwezi kukuambia. Testa inaonyesha kama laivu ipo, na haijui lolote kuhusu ethi.

Fundi anayejua kazi yake hufanya mambo haya kabla ya kuwasha. Hupima kwa mita kama waya wa ethi umeshikana kutoka bafuni hadi kwenye boksi. Hutenga shawa, kisha hupima ganda la kebo kwa kifaa kinachosukuma volti 500, ambacho wengi hukiita mega. Kebo mpya isionyeshe chini ya omu milioni moja kati ya nyaya. Hupima ukinzani wa fimbo ya ethi. Mwisho huipima RCCB kwa kifaa kinachoonyesha imekata kwa muda gani. Ukiona amekuja na koleo, testa na tepu tu, hawezi kuwa amefanya hata kimoja.

Kenya, leseni za mafundi wa stima hutolewa na EPRA kwa madaraja, kama C2, C1, B na A1, chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Tanzania leseni hutolewa na EWURA, nayo ina madaraja yake. Mwombe fundi namba yake na uithibitishe kwa mamlaka kabla ya kumlipa malipo ya awali. Kazi ikikamilika, dai cheti cha kukamilika kilichosainiwa. Moto ukitokea na bima ikaja kuuliza nani alifunga shawa, karatasi hiyo ndiyo jibu.

Mimi ni mpangaji. Hayo yote ni ya mwenye nyumba, sivyo?

Nyaya za ukutani, boksi na ethi ni zake. Shawa yenyewe mara nyingi ni yako, unaihamisha na vitu vyako. Kabla ya kuifunga, mwandikie ujumbe umuulize mambo matatu: kebo ya bafu ni ya milimita ngapi, breka yake ni ya ngapi, na ethi imepimwa lini. Uliza kwa maandishi, si kwa mdomo. Asipojua, gharama ya fundi kupima ni ndogo kuliko ya shawa mpya, na wenye nyumba wengi hukubali kuikata kwenye kodi ukiwapelekea karatasi. Hadi jibu lipatikane, chemsha maji kwenye jiko.

Mtu akishikwa na stima bafuni, nifanye nini?

Usimshike. Kimbilia meini swichi uizime, kwani huna uhakika kama ile ya shawa inakata nyaya zote mbili. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu na umsukume atoke kwenye koki au bomba kwa fimbo kavu ya mbao au ya plastiki, isiyo na chuma, si ya kupigia deki iliyolowa. Stima ikishakatika, tazama kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali mahali pakavu, mwite mtu apige 999 au 112, na uanze kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Akizinduka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali hata hivyo apimwe moyo, kwa sababu mpigo unaweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Shawa isiwashwe tena na yeyote kabla fundi hajaipima.